Ritifaa ya Ng'ang'a: Kwa Nini Tarakilishi Hushindwa Kumtafuta Mteja, na Dawa Yake ni Ipi

Katika somo la uakifishaji sote tulifundishwa kwamba ritifaa ni kile kialama kidogo kinachokaa juu ya mstari, na kwamba kazi yake kubwa katika Kiswahili ni kutenganisha sauti ng na sauti ng'. Ngoa ni uchu au wivu, lakini ng'oa ni kitenzi, kama vile kung'oa jino. Ukiiacha alama hiyo, neno limekwisha kuwa jingine.

Katika majina ya watu wa hapa kwetu Gatuanyaga alama hii imejaa tele. Tuna akina Ng'ang'a, Ndung'u, Kang'ethe na Wang'ombe. Majirani zetu ni wa kaunti ya Murang'a. Kwa Waluo kuna akina Nyong'o, kwa Wakalenjin kuna akina Ng'eno na Ng'etich, na hata mwandishi mashuhuri wa Kiambu yetu, Ngũgĩ wa Thiong'o, alikuwa na ritifaa katika jina lake. Katika makala haya ningependa kueleza jinsi alama hiyo hiyo inavyoweza kuifanya tarakilishi ya duka imkane mteja wake, kwa nini jambo hilo hutokea, na kwa nini dawa yake ni moja tu, yaani swali lenye parameta.

KISA CHA DUKA LA PEMBEJEO

Kuna duka moja la chakula cha mifugo ambalo sitalitaja jina. Duka hilo liliacha daftari la madeni, likaanza kutumia tarakilishi. Mteja akifika, mhudumu huandika jina lake katika kisanduku, akabonyeza "Tafuta", na skrini humwonyesha deni la mteja au pesa alizotanguliza.

Siku moja nilikuwa hapo nimetumwa chakula cha kuku. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa ametanguliza shilingi 3,000 ili awekewe vifaranga. Mhudumu aliandika Ng'ang'a, na skrini ikajibu: "Mteja hayupo."

"Guka, jina lako halimo humu," akasema.

"Mwanangu, pesa zangu mlizipokea," mzee akajibu. "Sasa jina langu limeenda wapi?"

Mhudumu alijaribu kumsajili upya. Programu ikakataa. Mwishowe akaandika Nganga, bila ritifaa, na hapo programu ikakubali. Lakini huyo Nganga mpya alikuwa na sifuri. Zile shilingi 3,000 zilibaki kwa Ng'ang'a wa kwanza, ambaye hakuna aliyeweza kumfungua. Ati Kamau na Njoroge wanapatikana vizuri, ila huyu mzee ndiye haonekani! Watu kwenye foleni wakaanza kunong'ona kwamba labda mzee hakulipa.

Utauliza: kama programu haipendi ritifaa, huyo Ng'ang'a wa kwanza aliingiaje? Jibu ni kwamba majina ya wateja wa zamani yalikuwa yameingizwa yote kwa pamoja kutoka faili moja, siku ile programu ilipowekwa. Kazi hiyo ilifanywa na chombo kingine kinachojua kushughulikia ritifaa. Kwa hivyo jina lilikuwamo salama salimini. Kilichokuwa kibovu ni njia ya kulitafuta.

Jumamosi iliyofuata kijana aliyeiandika programu hiyo alikuja kuikagua, naye akaniruhusu niketi kando yake nitazame. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyaona siku hiyo, kisha nikayajaribu mwenyewe.

TARAKILISHI ILISOMA NINI?

Habari za wateja huwekwa katika hifadhidata, na hifadhidata nyingi huulizwa maswali kwa lugha iitwayo SQL. Lugha hii ilianza mwaka 1974 katika kampuni ya IBM, nayo ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce. Swali la kumtafuta Kamau huandikwa hivi:

```
SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = 'Kamau'
```

Maana yake ni: nipe jina na deni kutoka orodha ya wateja, pale ambapo jina ni Kamau. Tazama vizuri zile alama zinazolizunguka jina. SQL hutumia alama ya ritifaa kufungua na kufunga maneno, kama sisi tunavyotumia alama za mtajo katika usemi halisi. Kilichomo ndani ya alama ni maneno ya kutafutwa, na kilicho nje ni amri.

Programu ya duka ilikuwa ikiunda swali kwa kuunganisha vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni mwanzo wa sentensi, cha pili ni jina lililoandikwa na mhudumu, na cha tatu ni ritifaa ya kufungia:

```
swali = "SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = '" + jina + "'"
```

Kwa Kamau hakuna shida. Sasa wacha tutie Ng'ang'a, tuone sentensi inayotokea:

```
SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = 'Ng'ang'a'
```

Hifadhidata husoma kutoka kushoto. Inaona ritifaa, inafungua. Inasoma Ng. Inaona ritifaa nyingine, inafunga. Kwa hesabu yake jina limekwisha: ni Ng. Kisha inakuta neno `ang` limesimama nje peke yake, na katika SQL hakuna amri ya namna hiyo. Hapo inakata tamaa. Hifadhidata iitwayo SQLite hutoa ujumbe huu:

```
near "ang": syntax error
```

Yaani, "karibu na ang, sarufi imevunjika." Ukijaribu Ndung'u, itakuambia kosa liko karibu na `u`. Ukijaribu Thiong'o, itakuambia liko karibu na `o`. Kila mara hulalamikia kile kipande kinachofuata ritifaa ya kwanza. Hii ndiyo dalili ya kuutambua ugonjwa huu. Ukiona kosa la sarufi linalotaja mkia wa jina la mtu, jua kwamba ritifaa ya jina imechukuliwa kuwa ritifaa ya kufungia.

Lakini mbona skrini ya duka ilisema "Mteja hayupo"? Hilo lilikuwa kosa la pili lililolificha la kwanza. Programu iliandikwa hivi kwamba likitokea kosa lolote, iseme mteja hayupo. Kumbe kuna tofauti kubwa kati ya "nimetafuta nikakosa" na "sikulielewa swali." Laiti programu ingesema ukweli, mzee asingetiliwa shaka. Kijana yule alipouondoa ufunikaji huo, ujumbe wa `ang` ulijitokeza mara moja, na chanzo kikajulikana.

MFANO WA IMLA

Ili jambo hili likae vizuri kichwani, fikiria imla darasani. Mwalimu anasoma, "Kila sentensi huishia kwa nukta." Akifika neno la mwisho, mwanafunzi afanye nini? Aandike neno "nukta", au atie alama ya nukta? Sauti ni ile ile moja, ilhali mara ni neno la kuandikwa, na mara ni amri ya kutekelezwa. Mwanafunzi mwerevu atabahatisha kutokana na maana. Tarakilishi haijui maana ya sentensi. Hufuata alama tu.

Ng'ang'a ni tatizo la imla hasa. Ritifaa yake ni sehemu ya jina, lakini kwa kuwa jina na amri vimesomwa kwa pumzi moja, hifadhidata imeidhania kuwa amri. Kwa hivyo jina la mzee halina kasoro yoyote. Kasoro ni kuchanganya amri na jina katika sentensi moja.

DAWA MBILI ZISIZOPONYA

Dawa ya kwanza ambayo watu hukimbilia ni kuifuta ritifaa. Ng'ang'a anakuwa Nganga, na programu inanyamaza. Kwa mwanachama wa chama cha Kiswahili hili peke yake ni kosa, maana ng na ng' si sauti moja. Hata tukiacha lugha kando, ukifuta ritifaa wakati wa kutafuta ilhali katika orodha jina limeandikwa kwa ritifaa, hutampata mtu. Nao wapo watu ambao huandika jina lao Nganga tangu kuzaliwa, na kitambulisho chao kinasema hivyo. Ukiifuta, watu wawili tofauti wanaweza kugeuka mmoja, na deni la huyu likalipwa na yule.

Dawa ya pili ina akili zaidi. Sheria ya SQL inasema kwamba ndani ya maneno, ritifaa mbili zikifuatana zihesabiwe kuwa ritifaa moja ya kawaida. Kwa hivyo unaweza kuandika hivi:

```
SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = 'Ng''ang''a'
```

Swali hili ni sahihi, nalo litampata mzee. Basi shida iko wapi? Shida ni kwamba lazima mwandishi wa programu akumbuke kuziongeza ritifaa kila mahali: pa kutafuta, pa kusajili, pa kusahihisha na pa kutoa ripoti. Akisahau pahali pamoja tu, ugonjwa umerudi. Akifanya mara mbili kwa jina lile lile, hifadhidata itaweka Ng''ang''a, na risiti itachapishwa hivyo.

Jambo hili liliwahi kujaribiwa kwa kiwango kikubwa. Lugha ya programu iitwayo PHP ilikuwa na mtindo wa kutia mkwaju nyuma mbele ya kila ritifaa iliyoandikwa na mtumiaji, bila kuulizwa. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba hata mahali ambapo hapakuwa na hifadhidata yoyote, majina yalitokea kwenye skrini kama `Ng\'ang\'a`. Mtindo huo uliondolewa katika PHP mwaka 2012. Wenye lugha waliona kwamba huwezi kulitibu jina kabla ya kujua linakwenda kutumiwa wapi.

DAWA YENYEWE: SWALI LENYE PARAMETA

Tukirudi kwenye imla, tuseme mwalimu amebadilisha mtindo. Kwanza anagawa karatasi yenye sentensi iliyokwisha kuandikwa, ikiwa na pengo moja. Wanafunzi wanaisoma na kuielewa. Baadaye anawapa kadi yenye maneno, na kuwaambia waibandike kwenye pengo bila kubadilisha chochote. Hata kadi ikiwa na neno "nukta" au alama kumi za ritifaa, hakuna wa kubabaika, kwa sababu kadi ni ya kubandikwa tu. Wakati wa kusikiliza amri umekwisha kupita.

Ndivyo swali lenye parameta linavyofanya kazi. Katika Python na SQLite huandikwa hivi:

```
db.execute("SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = ?", (jina,))
```

Kiulizi hicho `?` ndicho pengo. Hifadhidata hupokea kwanza sentensi pekee. Huichanganua sarufi yake, na kuamua kazi itakayofanywa: kwamba ni kutafuta, katika orodha ya wateja, kwa kulinganisha jina. Baada ya hapo sentensi haichanganuliwi tena. Kisha jina huletwa kando, kama kadi, likatiwa katika pengo. Ritifaa iliyomo haiwezi kufungua wala kufunga kitu, maana anayetafuta alama za kufungia amekwisha kumaliza kazi yake. Kwa hivyo Ng'ang'a hulinganishwa na Ng'ang'a, herufi kwa herufi.

Tazama kwamba hatukuiongeza ritifaa wala kuifuta. Jina lilikwenda vile lilivyoandikwa. Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba dawa hii ndiyo sahihi: haijaribu kuitafuta alama mbaya ndani ya jina, bali inaondoa ule mchanganyiko wa amri na jina.

Kuna mitego miwili midogo. Wa kwanza ni kuzungushia pengo ritifaa, ukaandika `'?'`. Ukifanya hivyo, hifadhidata itadhani unamtafuta mtu anayeitwa kiulizi, na Python itakataa ikisema pengo ni 0 na umeleta thamani 1. Wa pili ni kuisahau koma katika `(jina,)`. Bila koma hiyo, Python hulichukua jina kuwa herufi moja moja. Kwa Ng'ang'a italalamika kwamba pengo ni 1 lakini umeleta thamani 8. Hesabu mwenyewe: herufi sita na ritifaa mbili, jumla nane.

Kijana yule alibadilisha maswali yote ya programu, la kutafuta na la kusajili pia. Alipoandika Ng'ang'a na kubonyeza "Tafuta", zile shilingi 3,000 zilitokea. Kisha akamtafuta Nganga wa sifuri, wakathibitisha na mzee kwamba ni yeye yule, wakamfuta.

MLANGO ULE ULE WA MWIZI

Nilidhani habari imekwisha, kumbe bado. Kama ritifaa ya mzee asiye na hatia inaweza kufunga maneno mapema, basi mtu mwenye nia mbaya anaweza kufanya hivyo makusudi, kisha akaongeza amri zake. Tuseme ameandika haya katika kisanduku cha jina:

```
' OR '1'='1
```

Sentensi iliyounganishwa itakuwa hivi:

```
SELECT jina, deni FROM wateja WHERE jina = '' OR '1'='1'
```

Safari hii sarufi haikuvunjika. Swali linasema: nipe kila mteja ambaye jina lake ni tupu, au ambapo 1 ni sawa na 1. Na 1 ni sawa na 1 daima! Basi skrini inamwaga madeni ya kijiji kizima. Hila ya namna hii ilielezwa na Jeff Forristal katika jarida la Phrack mwezi wa Desemba 1998, na hadi leo bado huwanasa wanaounganisha vipande.

Kwa swali lenye parameta, maneno hayo yote huwa kadi tu. Hifadhidata itamtafuta mteja ambaye jina lake ni `' OR '1'='1`, itamkosa, na itasema kweli kwamba hayupo.

Hapa pia ndipo dawa ya kuongeza ritifaa inaposhindwa vibaya. Kama programu inatafuta kwa nambari ya mteja, nambari haizungushiwi ritifaa. Mtu akiandika `7 OR 1=1`, hamna ritifaa hata moja ya kuongeza, na bado orodha yote inatoka. Parameta hufunga mlango huo pia.

Tahadhari: jaribu mambo haya kwa programu yako mwenyewe tu. Kuyajaribu kwa tarakilishi ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kimtandao.

MAMBO AMBAYO PARAMETA HAIFANYI

Pengo hupokea thamani tu, kama jina la mtu au nambari. Haliwezi kushika nafasi ya jina la orodha wala la safu, kwa sababu hayo ni sehemu ya sarufi, nayo lazima yajulikane kabla ya kadi kuletwa. Ukitaka mhudumu achague kupanga kwa jina au kwa deni, programu yenyewe iwe na majina hayo mawili, na ichague moja kati yake.

Jambo la pili linatuhusu zaidi. Ritifaa si moja. Ile ya kibodi ni `'`, na nambari yake katika Yunikodi ni U+0027. Microsoft Word na baadhi ya simu huigeuza kuwa ile iliyopinda, `’`, yenye nambari U+2019. Kwa macho yetu ni kitu kimoja, lakini kwa tarakilishi ni herufi mbili tofauti kabisa. Mteja akisajiliwa kwa iliyopinda na kutafutwa kwa iliyonyooka, hakutakuwa na kosa la sarufi, ila hatapatikana. Parameta haiwezi kulitatua hilo, maana kazi yake ni kulipeleka jina bila kulibadilisha. Hapo inafaa kuchagua ritifaa moja, na kuigeuza nyingine wakati wa kusajili na wakati wa kutafuta pia:

```
jina = jina.replace("\u2019", "'")
```

Usichanganye mambo haya mawili. Mstari huo unasawazisha tahajia ili Ng'ang'a awe mmoja. Parameta ndiyo inayotenganisha jina na amri. Duka linahitaji yote mawili.

ZOEZI

1. Andika kwa mkono sentensi ya SQL itakayotokea vipande vikiunganishwa kwa jina Wang'ombe. Hifadhidata itasema kosa liko karibu na neno gani?

2. Jina Ndung'u likiunganishwa, kuna ritifaa ngapi katika sentensi nzima? Na Ng'ang'a je? Eleza kwa nini Ng'ang'a bado linakwama ingawa ritifaa zake zote zina wenzake.

3. Mwanafunzi amesahau koma, akaandika `(jina)` badala ya `(jina,)`, naye anamtafuta Ndung'u. Python itasema ameleta thamani ngapi?

4. Maktaba inamtafuta Thiong'o kwa swali lenye parameta. Hakuna kosa lolote, lakini hapatikani, ingawa vitabu vyake vimeandikishwa. Ungeanza kukagua nini?